Damu 7.8 kwa Wajawazito Wawili: Tembe, Dripu, au Dawa Nyingine Kabisa

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mvua ikiwa imeshageuza njia za Nyando kuwa matope, wajawazito wawili walikaa kwenye benchi moja nje ya chumba chetu cha kliniki, si mbali na Ahero. Mmoja alikuwa na wiki 31 za ujauzito, mwenzake wiki 29. Wote wawili walitobolewa kidole asubuhi hiyo, na mashine ikasoma namba ileile: 7.8. Mmoja aliniambia, "Sista, jirani yangu alitiwa dripu ya chuma Kisumu, damu ikapanda. Na sisi si mtuandikie hiyo?" Yule wa pili akatikisa kichwa kukubaliana naye.

Mmoja wao alipata dripu hiyo siku mbili baadaye. Mwingine hakuipata, na hakuihitaji. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu swali lao nalisikia karibu kila wiki. Nimebadilisha mambo machache yasiyogusa matibabu ili wasitambulike.

Tuanze na hiyo namba. 7.8 ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Hemoglobini ndiyo ile rangi nyekundu iliyo ndani ya chembe za damu, na kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni. Shirika la Afya Duniani linahesabu mjamzito kuwa na anemia akishuka chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi ya kati. Chini ya 7 ni anemia kali. Ukomo wa miezi ya kati uko chini kidogo kwa sababu maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe zenyewe, kama vile sharubati inavyopauka ukiongeza maji bila kuongeza tunda. Ndiyo maana napenda kumweleza mama kwamba tunaposema "umepungukiwa na damu" hatumaanishi mishipa yake imekauka. Damu anayo, tena nyingi kuliko kabla ya kubeba mimba. Kilichopungua ni wekundu wake. Neno hili la "kupungukiwa damu" limewafanya wengi waamini kwamba chochote chekundu kikinywewa kitajaza pengo, ndiyo sababu bitiruti inauzwa sana nje ya kliniki. Ni zao la shamba zuri, ila chuma kilichomo ni kidogo mno kumtoa mtu 7.8.

Kabla sijaiamini namba yoyote ya kidole huwa naangalia ilivyochukuliwa. Kidole kikiwa baridi, mpimaji hukikamua, na pamoja na damu hutoka majimaji ya nyama yanayoizimua. Matokeo yanaweza kukosea kwa gramu nzima. Kwa hiyo wote wawili walitolewa damu ya mshipani ikaenda maabara kupimwa kwa mashine kubwa, ile inayotoa karatasi ndefu yenye HGB, MCV, RDW na mengineyo. Mama wa kwanza alirudi na HGB 7.8. Wa pili 7.9. Namba zilikuwa za kweli.

Lakini karatasi zao hazikufanana hata kidogo chini ya mstari huo wa kwanza. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, na kwa mtu mzima husoma kati ya 80 na 100. Mama wa kwanza alikuwa na 70. Chembe zake zilikuwa ndogo, kwa sababu uboho unapokosa chuma huendelea kutengeneza chembe lakini hauna cha kuzijaza. RDW, ambayo hueleza chembe zinavyotofautiana ukubwa, ilikuwa 19, wakati kawaida haizidi 15 hivi. Hii ni picha ya mwili uliokuwa ukipunguza kipimo wiki baada ya wiki: chembe za zamani za kadiri, mpya ndogo, za mwisho ndogo zaidi. Mama wa pili alikuwa na MCV ya 87. Chembe zake zilikuwa na ukubwa wa kawaida kabisa, ila zilikuwa chache.

Kama MCV ingekuwa zaidi ya 100 ningefikiria upungufu wa foleti au vitamini B12, na ningeuliza kama mama ametumia zidovudini, dawa ya zamani ya virusi vya ukimwi ambayo nayo hukuza chembe. Na huku kwetu pembeni mwa ziwa wako watu wengi waliorithi talasemia ya alfa ya aina nyepesi, ambao chembe zao ni ndogo tangu kuzaliwa bila kukosa chuma. Hao kwa kawaida hawashuki hadi 7.8 kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo chembe ndogo pamoja na damu iliyoshuka sana na RDW kubwa hunielekeza kwenye chuma kwanza.

Nilimrudia mama wa kwanza na kijitabu chake cha kliniki. Ilikuwa mimba yake ya nne, mtoto wa tatu akiwa bado hajafikisha miaka miwili. Mimba moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa uzazi, hudai takriban miligramu 1,000 za chuma kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma, damu ya ziada ya mama, na ile itakayomwagika akijifungua. Mwanamke aliyetoka kulipa deni hilo juzi, kisha akaanza lingine, huanza ghala likiwa tupu. Nilimuuliza kama anakula udongo. Alicheka kwa haya, akafungua mfuko wa leso akatoa vipande vya odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni Ahero karibu na mafungu ya omena. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Udongo wenyewe, tumboni, hushika chuma na kukizuia kuingia mwilini, na huo wa mashambani unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Alikuwa ameanza kliniki katika wiki ya 20, hemoglobini 8.9. Alipewa dawa ya minyoo, albendazoli ya miligramu 400, kwa sababu safura hunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Akapewa na tembe za chuma na foleti, zile za pamoja zenye miligramu 60 za chuma halisi na mikrogramu 400 za foleti. Kwa kuwa alikuwa na anemia tayari, aliambiwa ameze mbili kwa siku, yaani miligramu 120, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mjamzito mwenye anemia. Wiki ya 24 hemoglobini ilisoma 9.0. Haikusogea.

Hapo ndipo penye uamuzi wote, na ndipo ninapoona tunakosea mara nyingi. Tembe zikifanya kazi, ndani ya wiki mbili hadi nne hemoglobini hupanda angalau gramu moja. Isipopanda, mtu hukimbilia kusema "tembe zimeshindwa, apewe dripu". Lakini kuna mambo manne tofauti yanayotoa jibu hilohilo kwenye karatasi. Huenda mama hamezi. Huenda anameza lakini kwa namna inayoua dawa. Huenda damu inatoka kwingine haraka kuliko inavyoingia. Na huenda tatizo si chuma tangu mwanzo.

Mama huyu alikuwa anameza. Nilimwomba anionyeshe asubuhi yake ilivyo, si kuniambia tu. Anaamka saa kumi na mbili, anabandika chai ya maziwa na majani mengi, anakunywa na mandazi, na tembe zote mbili zinashuka na kikombe hichohicho "ili zisinichafue roho." Majani ya chai yana tanini inayofunga chuma kisifyonzwe, na maziwa yana kalisi inayoongeza kizuizi. Alikuwa ameimeza dawa kwa uaminifu kwa wiki nne, na sehemu kubwa yake ilitoka kwenye choo cheusi. Wengi hudhani choo kuwa cheusi ni dalili kwamba dawa imeingia damuni. Ni kinyume chake: weusi ule ni chuma ambacho hakikuingia.

Tulihamisha tembe hadi usiku, saa mbili au zaidi baada ya chakula, pamoja na maji na chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kupita ukuta wa utumbo. Chai ilibaki ya asubuhi, mbali na dawa. Nilimwambia pia kwamba tumbo likimkataa, ashuke hadi moja, tena hata siku moja ameze na siku moja aache, kuliko kuacha kabisa. Hili si kumbembeleza tu. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo ni kama bawabu wa lango la utumbo. Ukimeza kipimo kikubwa cha chuma leo, bawabu hufunga lango kwa takriban saa 24, na kipimo cha kesho hukuta mlango umebanwa. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017, kwa wanawake wasio wajawazito waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, ulionyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka moja kulifanya sehemu kubwa zaidi ya kila tembe ifyonzwe kuliko kumeza kila siku. Kwa mjamzito mwenye 9.0 na muda unaokimbia bado napendelea kila siku, kwa sababu jumla inayoingia ndiyo tunayoihitaji. Lakini kugawa tembe asubuhi, mchana na jioni, kama wengine wanavyoelekezwa, huongeza kichefuchefu na kufunga choo bila faida inayolingana.

Nilitarajia kumwona wiki ya 28. Mafuriko yakaingia boma lao, wakahamia kwa shemeji, tembe zikaisha, na akarudi wiki ya 31 akiwa na 7.8. Haikushuka kwa uzembe. Kati ya wiki hizo mtoto alikuwa ameanza kuchukua chuma kwa kasi, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo mtoto anajiwekea akiba yake ya miezi ya kwanza ya maisha.

Kabla ya kuandika dripu nilitaka ushahidi wa ghala. Kipimo chenyewe ni ferritini, protini inayohifadhi chuma, na kiasi chake katika damu hueleza ghala lina nini. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki. Sampuli yake ilibidi ipande matatu hadi maabara ya Kisumu. Ilirudi na 6. Kwa mtu asiye na maambukizi, chini ya 15 maana yake ghala halina kitu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, cha virusi vya ukimwi vilevile, na hakuwa na selimundu. Hapakuwa na sababu nyingine ya kutafuta.

Sasa tembe au dripu? Tufanye hesabu ya kalamu. Kuna kanuni ya zamani inayokadiria chuma kinachohitajika: uzito wa mama kabla ya mimba, mara tofauti kati ya hemoglobini tunayoitaka na aliyonayo, mara 2.4, kisha jumlisha 500 za kujaza ghala.

```
60 × (11 − 7.8) × 2.4 + 500 = 961 mg
```

Alikuwa na wiki tisa, yaani siku 63. Tuseme anameza miligramu 120 kila siku bila kukosa, na mwili unafyonza moja ya kumi, yaani 12. Katika miezi ya mwisho mimba yenyewe hutumia kiasi kama miligramu 6 kwa siku. Zinabaki 6 kwa siku, na kwa siku 63 ni chini kidogo ya 380. Hazitoshi hata ile sehemu ya kwanza ya kanuni, 461, ya kuinua hemoglobini peke yake, na ghala litakuwa bado tupu. Mwili wenye njaa ya chuma unaweza kufyonza zaidi ya moja ya kumi, kwa hiyo hii si hesabu ya duka. Lakini inaeleza kwa nini wiki ndiyo ninayoitazama kwanza. Mama mwenye 7.8 katika wiki ya 18 ningempa tembe kwa njia iliyonyooka na kumpima tena baada ya wiki nne. Katika wiki ya 31, baada ya tembe kutofaulu mara moja na njia ya kwenda kliniki ikiwa chini ya maji, kungoja ni kucheza na siku ya kujifungua. Mtu anayeingia kwenye uchungu akiwa na 7.8 hana nafasi ya kupoteza damu ambayo mwenye 11 angeipoteza bila sisi kushtuka.

Na upande wa pili wa mizani: angekuwa chini ya 7, anahema akiwa amekaa, moyo ukienda mbio, au yuko siku chache kabla ya kujifungua, dripu ya chuma nayo ingekuwa imechelewa. Chuma cha mshipani si damu. Uboho unahitaji wiki kadhaa kukigeuza kuwa chembe. Mama huyo anapelekwa hospitali yenye damu ya kuongezwa.

Zipo aina kadhaa za chuma cha mshipani, na tofauti yake kubwa kwa mgonjwa ni safari. Chuma cha sukrosi hutolewa kwa vipimo vya miligramu 200, kwa hiyo 1,000 ni safari tano. Chuma cha kaboksimaltosi kinaweza kutolewa hadi miligramu 1,000 kwa mkupuo mmoja, kikichanganywa kwenye maji ya chumvi yasiyozidi mililita 250 na kupitishwa kwa dakika 15 au zaidi. Sukrosi ina bei nafuu kwa chupa, lakini kwa mama anayepanda boda hadi barabara kuu kisha matatu, akimwacha mtoto wa miaka miwili kwa jirani, safari tano mara nyingi huishia ya pili. Alipelekwa hospitali yenye vifaa vya dharura, akapata kaboksimaltosi 1,000. Hakuna kati ya hizi inayotolewa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, wala mtu akiwa na maambukizi makali ya bakteria, kwa sababu bakteria nao hukihitaji chuma.

Nilikuwepo siku hiyo. Muuguzi alimwekea kanula kwenye mshipa mkubwa wa mkono wa mbele, akapitisha maji ya chumvi kwanza kuhakikisha hayavuji, kwa sababu chuma kikivujia chini ya ngozi huacha doa la kahawia ambalo linaweza kukaa miaka. Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa kabla na baada. Dakika ya tano mama alisema uso unamwaka na kifua kinambana. Dripu ilisimamishwa papo hapo, shinikizo la damu likapimwa: halikushuka. Hakuvimba midomo, hakukoroma, hakuwa na vipele. Baada ya dakika kumi na tano hali ilikuwa imepita, wakaanza tena polepole, ikaisha bila shida. Mwitikio huu mwepesi unajulikana, na kosa linalofanyika ni kumchoma prometazini kwa haraka, ambayo yenyewe hushusha shinikizo na kumfanya aonekane kama aliye hatarini. Shinikizo likianguka, pumzi ikikaza au uso ukivimba, huo ni mzio wa kweli, ni nadra, na dawa yake ni adrenalini mara moja. Ndiyo sababu dripu hii haitundikwi mahali ambapo adrenalini haipo, na ndiyo sababu mama hukaa nusu saa nyingine akiangaliwa hata akijisikia vizuri.

Sasa yule wa wiki 29, aliyekuwa na 7.9 na chembe za ukubwa wa kawaida. Kijitabu chake kilionyesha dozi moja tu ya SP, dawa ya kukinga malaria ambayo katika kaunti za ukanda wa ziwa mjamzito humezeshwa kliniki kuanzia wiki ya 13, kwa kuachana angalau mwezi. Alikumbuka homa ya wiki mbili nyuma aliyoimezea paracetamoli. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha mistari miwili. Kipimo hicho kinaweza kubaki hivyo wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa hiyo tulitazama damu kwa hadubini, na vimelea walikuwemo. (Kinyume chake pia hutokea: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, na damu ya mkononi inaonekana safi.)

Ferritini yake ilikuwa 168, na hapa panahitaji uangalifu. Ferritini hupanda pia mwili unapopigana na maambukizi, kwa hiyo mtu mwenye malaria anaweza kuonyesha 40 huku ghala likiwa tupu. Ndiyo maana kwa mwenye maambukizi ukomo husogezwa hadi 70 badala ya 15. Hata kwa kipimo hicho alikuwa mbali juu.

Malaria huharibu damu kwa namna ambayo ni tofauti kabisa na safura au uzazi wa karibu karibu. Kimelea hupasua chembe, wengu hukusanya na nyingine zisizo na hatia, na uboho hulegea. Lakini chuma kilichokuwa ndani ya chembe hizo hakitoki mwilini. Kinarudi ghalani, na hepsidini, yule bawabu, huongezeka wakati wa homa na kulifunga ghala kwa kufuli. Kumtundikia mama huyu dripu ya chuma ingekuwa kuongeza magunia kwenye ghala lililofungwa. Alihitaji kufuli lifunguliwe. Alipewa AL, dawa ya kutibu malaria, tembe nne mara mbili kwa siku kwa siku tatu pamoja na chakula, neti mpya, na ratiba yake ya SP ikarudishwa mstarini. Tembe za chuma za miligramu 60 aliendelea nazo kama kila mjamzito. Watu huku huogopa kwamba chuma hulisha malaria. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kwa wajawazito 470, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha miligramu 60 kila siku na tembe zisizo na dawa. Haukuona ongezeko la malaria, na watoto wa akina mama waliomeza chuma walizaliwa wakiwa na wastani wa gramu 150 zaidi.

Jambo moja lilitaka kutupoteza. Kipimo chake cha selimundu kilisoma chanya, na mtu mmoja alishaandika "anemia ya selimundu" pembeni. Kipimo hicho cha haraka hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Mbebaji ana nusu tu ya kasoro, na ubebaji peke yake haumshushi mtu hadi 7.9. Kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini kilithibitisha kwamba ni mbebaji tu. Angekuwa mgonjwa mwenyewe njia ingebadilika yote: angehamia kliniki ya hospitali kubwa, na chuma asingepewa hadi ithibitike kwamba anakikosa, maana walioongezewa damu mara nyingi huwa nacho kupita kiasi. Na tahadhari ya foleti inaingia hapo: tembe ya miligramu 5 ambayo wagonjwa hao hupewa huidhoofisha SP, ilhali mikrogramu 400 ya tembe za kliniki haina tatizo hilo.

Niongeze na hili kwa sababu linagusa wengi katika kaunti zetu. Mjamzito anayetumia dolutegravir, dawa ya virusi vya ukimwi, asimeze chuma nayo tumbo likiwa tupu; chuma huishika dawa na kuizuia kuingia, na virusi hupata upenyo. Ama ameze dolutegravir saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake, ama azimeze zote pamoja na chakula. Mimi hushauri dolutegravir ya asubuhi na chuma cha usiku.

Wapo wenzangu wanaoona kwamba ingekuwa rahisi kumpa dripu kila mjamzito aliye chini ya 10, bila kupekua hivi. Nchini Malawi walijaribu kitu cha namna hiyo kwa wajawazito 862 wa miezi ya kati, kaboksimaltosi kwa nusu yao na tembe kwa wengine, matokeo yakatoka mwaka 2023. Upungufu wa chuma ulipungua zaidi kwa waliopata dripu. Lakini kufikia wiki ya 36, idadi ya waliobaki na anemia haikutofautiana kwa uhakika kati ya makundi hayo mawili. Walichaguliwa kwa hemoglobini, si kwa ferritini, na wengi wao hawakuwa wamekosa chuma. Nikisoma matokeo hayo namwona mama wangu wa wiki 29 mara mia nne.

Baada ya wiki nne mama huyo wa malaria alisoma 9.4, na wiki ya 36 alikuwa 10.3. Mwenzake wa dripu alikuwa 10.7 katika wiki ya 36. Alijifungua usiku, mtoto wa kike, na kitovu kikaachwa dakika mbili kabla ya kukatwa ili damu ya kondo imfikie mtoto. Damu aliyoipoteza ilikadiriwa mililita 400, ambazo hubeba karibu miligramu 150 za chuma, kwa hiyo tembe moja ya usiku iliendelea kwa miezi mitatu. Aliporudi na mtoto wake kwa chanjo za wiki sita nilimuuliza kuhusu odowa. Alisema hamu ilikwisha wiki mbili tu baada ya dripu, na vipande vilivyobaki alimrudishia muuzaji.